Maumbo ya almasi ya pete

Maumbo ya almasi ya pete ni namna mbalimbali za kukata almasi ambayo itawekwa juu ya pete. Miongoni mwa yanayotumika sana ni duara, duaradufu (linalofanana na yai) na peasi (linalofanana na tone la maji, yaani upande mmja ni mviringo na mwingine una ncha). Almasi tatu zenye uzito sawa, kila moja ikiwa na umbo lake, hazionekani kuwa na ukubwa sawa zikivaliwa kidoleni. Sababu ni kwamba uzito haupimi kile ambacho jicho linakiona.

## Uzito na sura ya juu

Almasi huuzwa kwa karati, na karati 1 ni gramu 0.2. Kipimo hicho ni cha uzito tu. Mtu anayetazama pete haoni uzito, bali sura ya juu ya kito, ambayo hupimwa kwa milimita.

Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha milimita 6.5 hivi. Ya duaradufu yenye uzito uleule huwa na urefu wa takriban milimita 7.7 na upana wa 5.7. Ya peasi hufikia urefu wa milimita 8.5 hivi na upana wa 5.5.

Tukipiga hesabu ya eneo la juu, duara lina takriban milimita za mraba 33, duaradufu 34.5, na peasi hukaribia duara. Tofauti ya eneo basi ni ndogo. Tofauti kubwa iko kwenye urefu: duaradufu linazidi duara kwa zaidi ya milimita 1, na peasi kwa milimita 2. Jicho hufuata mstari mrefu kuliko linavyokadiria eneo, na ndiyo maana maumbo haya mawili huonekana makubwa zaidi.

## Kina cha kito

Faida hiyo hupotea ikiwa kito kimekatwa kwa kina kupita kiasi. Kina ni kimo cha almasi kutoka juu hadi chini, na sehemu yake kubwa hufichwa ndani ya pete. Uzito uliojificha huko hulipiwa, lakini hauonekani.

Chukua almasi mbili za duaradufu, zote za karati 1. Ya kwanza ina urefu wa milimita 7.7, upana 5.7 na kina 3.6. Ya pili ina urefu wa 7.4, upana 5.5 na kina 3.9. Mizani itazionyesha kuwa karibu sawa, lakini ya pili ina eneo la juu lililopungua kwa asilimia 7 hivi. Kina cha ya kwanza ni asilimia 63 ya upana wake, na cha ya pili ni asilimia 71. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuuliza vipimo vyote vitatu vya milimita, ambavyo huandikwa kwenye cheti cha almasi, asitosheke na karati peke yake.

Kina kidogo mno nacho ni kasoro. Mwanga ulioingia kwa juu hupenya na kutokea chini badala ya kurudi machoni, na kito huonekana kama kioo cha kawaida.

## Duara na bei yake

Duara ndilo umbo linalorudisha mwanga kwa usawa zaidi. Vipimo vyake vilifanyiwa hesabu na Marcel Tolkowsky katika kitabu alichokichapisha mwaka 1919. Mng'ao huo pia husaidia kuficha rangi ya manjano hafifu, ambayo katika duaradufu na peasi huonekana kwa urahisi zaidi, hasa kwenye ncha.

Hata hivyo, kukata duara hupoteza sehemu kubwa ya jiwe ghafi. Mfano mmoja ni almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947 katika mgodi wa Williamson huko Mwadui, mkoani Shinyanga, Tanzania. Ilikuwa na karati 54.5, na baada ya kukatwa kuwa duara ilibaki na karati 23.6, yaani chini ya nusu. Upotevu wa namna hii ni sababu mojawapo inayofanya duara liuzwe kwa bei ya juu kuliko maumbo mengine yenye uzito na ubora sawa.

## Kulinganisha na kidole

Kito kirefu kilichowekwa kufuata urefu wa kidole huongeza mstari wa kidole, na kidole kifupi huonekana kirefu kidogo. Peasi huvaliwa hivyo kwa kawaida ncha ikielekea ukucha. Kidole kirefu na chembamba hakihitaji msaada huo. Duara hukikaa vizuri, na duaradufu linaweza hata kulazwa kukatiza kidole.

Upana wa kidole nao una sehemu yake. Tuseme kidole ni kifupi, kina upana wa milimita 18, na kutoka shina lake hadi kiungo cha katikati ni milimita 20. Duara la 6.5 litaacha milimita 11.5 za upana zikiwa wazi, na halitaongeza urefu wowote. Peasi la 8.5 kwa 5.5 litaongeza urefu, lakini ncha yake nyembamba itafanya kidole kionekane kipana zaidi pembeni. Duaradufu la 7.7 kwa 5.7 ndilo la kati: lina urefu wa kutosha, na haliishii kwenye ncha. Kwa kidole kifupi lakini chembamba, peasi lingeweza kushinda.

Njia rahisi ya kujaribu ni kukata vipande vya karatasi nyeupe kwa vipimo hivyo halisi, kuvibandika kidoleni kimoja baada ya kingine, na kuvitazama mkono ukiwa umenyooshwa. Picha za dukani hukuzwa, hivyo hazifai kwa kazi hii.

## Kasoro za kuangalia

Duaradufu na peasi nyingi huwa na kivuli cheusi katikati, chenye umbo la tai ya kipepeo. Hutokea kwa sababu baadhi ya nyuso za kito, badala ya kurudisha mwanga wa chumba, hurudisha kivuli cha kichwa cha mtazamaji. Kivuli hafifu kinachobadilika kito kinapoinamishwa si tatizo. Kikibaki cheusi kila upande, sehemu ya katikati huonekana kama tundu, na ukubwa uliotafutwa hupotea. Cheti hakionyeshi kasoro hii, kwa hiyo ni lazima kito kitazamwe chenyewe.

Ncha ya peasi ndiyo sehemu yake dhaifu. Almasi ni ngumu kukwaruzika, lakini inaweza kumeguka ikigongwa, na ncha humeguka kwanza. Sonara huilinda kwa kishikizo chenye umbo la herufi V kinachoifunika ncha pande zote mbili. Peasi ambalo ncha yake iko wazi halifai kwa pete ya kuvaliwa kila siku, hasa kwa mtu anayefanya kazi za mikono.