Umerudi Nyumbani, Lakini Paundi Zingali Zikikatwa

Askari arudipo kutoka masomoni ng'ambo, jamaa humlaki, masanduku hufunguliwa, na mambo ya ugenini husahauliwa. Lakini aliyeacha namba ya kadi yake ya benki kwa mwuza huduma wa huko, yeye hasahauliwi.

Jirani yangu mmoja, afisa wa polisi hapa Kampala, alisoma Uingereza mwaka mzima. Akiwa huko alijiandikisha katika huduma ya kutazama michezo kwa paundi 10 kila mwezi, akilipa kwa kadi ya benki yake ya nyumbani. Siku ya kuondoka aliifuta programu ile katika simu, akadhani yamekwisha. Miezi saba baadaye mkewe alikuwa akisoma taarifa ya benki ili watenge karo. "Baba Musa," akauliza, "hizi shilingi 49,440 za kila mwezi twamlipa nani?"

Hebu tuchambue hesabu hiyo. Tuseme paundi moja sokoni ni shilingi 4,700. Basi paundi 10 ni shilingi 47,000. Benki hutumia bei yake, tuseme 4,800, ikawa 48,000. Kisha huongeza ada ya malipo ya fedha za kigeni. Ikiwa ni asilimia 3, ni shilingi 1,440. Kwa miezi saba, shilingi 346,080 zimekwenda kwa huduma isiyotazamwa na mtu.

Kufuta programu hakuvunji mapatano. Wala kubadilisha kadi si dawa ya hakika, kwa kuwa kampuni za kadi zina utaratibu wa kuwapasha wauzaji namba mpya. Na akaunti ikiwa tupu, mwuzaji aweza kujaribu tena mwisho wa mwezi, mshahara uingiapo.

Dawa ni kusitisha kwa mwuzaji mwenyewe. Hapo jirani yetu alikwama: alipotaka kuingia katika akaunti yake, namba ya siri ilipelekwa kwenye laini ya simu ya Uingereza, nayo ilikwisha kufa. Ikambidi aandike kwa barua pepe ile ile aliyojiandikishia, akitaja tarehe na kiasi cha makato, hata akajibiwa kwa maandishi kwamba usajili umefungwa. Jibu hilo alilipeleka benki, akaomba mwuzaji huyo azuiwe. Makato yanayofanyika baada ya tarehe ya kusitisha benki yaweza kuyadai, mradi mteja asichelewe kulalamika. Yale ya kabla yake ni vigumu kurudishwa. Shilingi zile za miezi saba hazikurudi.

Basi, ndugu uliye ng'ambo, sitisha kila malipo ya mwezi kabla laini yako ya huko haijafa, na uhifadhi jibu la maandishi. Nawe mama wa nyumbani, isome taarifa ya benki kwa miezi miwili baada ya mzee kurudi: kiasi kinachokaribiana kila mwezi, chenye jina la kigeni, ndicho cha kuulizia.