Barua ya Kutohuisha Mkataba wa Nyumba: Tarehe za Kuangalia kabla ya Kuhama

Mwenye nyumba akimwandikia mpangaji kwamba mkataba hautahuishwa, hiyo si barua ya kumfukuza. Mkataba wa muda maalumu, kwa mfano wa mwaka mmoja, huisha wenyewe tarehe yake ikifika. Mwenye nyumba wa makao ya kawaida halazimiki kueleza sababu ya kutoendelea, isipokuwa mkataba wenyewe unamtaka afanye hivyo. Barua humpa mpangaji muda wa kutafuta kwingine, na hupanga jinsi nyumba itakavyokaguliwa. Kwenye ukaguzi huo ndipo dipoziti hupotea au kupona.

Chukua mfano wa mpangaji anayelipa kodi ya shilingi 18,000 kwa mwezi na aliyeweka dipoziti ya kiasi hicho hicho. Mkataba wake unaisha tarehe 31 Januari. Barua inamfikia tarehe 28 Novemba. Inasema mkataba hautahuishwa, ukaguzi wa kwanza utakuwa tarehe 10 Januari, wa mwisho tarehe 31 Januari saa nne asubuhi, na dipoziti itarudishwa ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi funguo. Jambo la kwanza ni kuweka saini na tarehe aliyoipokea kwenye nakala, kisha kulinganisha barua na mkataba. Siku hizo 14 zinatoka kwenye mkataba, kwa hivyo mkataba usiotaja muda wa kurudisha dipoziti huzaa ugomvi.

Ukaguzi wa kwanza ndio wenye faida kubwa kwa mpangaji, ingawa wengi huupuuza. Hapo mwenye nyumba au keateka anaonyesha kasoro mapema, na mpangaji ana wiki tatu za kuzirekebisha kwa bei ya fundi wake mwenyewe. Katika mfano huu zilipatikana tatu: kioo cha dirisha kilichopasuka, rangi iliyofifia sebuleni, na ukuta wa chumba cha kulala uliochorwa na mtoto. Kioo alikibadilisha mwenyewe. Rangi iliyofifia ni uchakavu wa kawaida. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mpangaji arudishe nyumba ilivyokuwa mwanzoni, lakini haimtwishi uchakavu wa kawaida. Ukuta uliochorwa ni juu yake. (Mikataba mingi humtaka mpangaji apake rangi nyumba nzima anapotoka. Aliyetia saini kifungu hicho atafungwa nacho, kwa hivyo kisomwe kabla ya kubishana.)

Ukaguzi wa mwisho hufanywa vyombo vikiwa vimeshatolewa. Pande zote mbili huwepo, husoma mita ya maji na ya umeme, hupiga picha kila chumba, na kutia saini karatasi moja inayotaja kila kasoro na gharama yake. Siku hiyo ilikubaliwa kukata shilingi 2,500 za kupaka chumba rangi na shilingi 640 za maji. Mpangaji alistahili kurudishiwa shilingi 14,860 kufikia tarehe 14 Februari. Makato yasiyo na risiti wala maelezo yana haki ya kupingwa. Pesa zikikwama, madai ya hadi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo.

Kosa linalojirudia ni mpangaji kukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho akisema "ikatwe kwenye dipoziti". Mwenye nyumba akikubali, basi iandikwe. Asipokubali, hilo ni deni la kodi, na kasoro za nyumba zitadaiwa juu yake.

Kosa la upande wa pili ni mwenye nyumba kuandika barua kisha kuendelea kupokea kodi. Mpangaji akibaki ndani baada ya mkataba kuisha na kodi ikaendelea kupokelewa kwa miezi miwili, sheria hiyo hiyo huhesabu kuwa kuna upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi. Kuuvunja huo kunahitaji notisi nyingine isiyopungua mwezi mmoja.

Mambo haya hayahusu kila jengo. Nyumba ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zina ulinzi wa sheria yake na baraza lake. Maduka na mikahawa isiyo na mkataba wa maandishi, au yenye mkataba usiozidi miaka mitano, hayawezi kufungiwa kwa barua ya kawaida. Notisi huandikwa kwa fomu maalumu, hutaja sababu, na haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu ipokelewe. Mfanyabiashara asiyekubali anapaswa kumjibu mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na kupeleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ya notisi kufika. Akinyamaza, notisi itafanya kazi kama ilivyoandikwa.