Shiti tatu au nne? Milimita moja inavyoamua

Mteja ameridhika na mchoro wa kabati lake la nguo, ametoa nusu ya fedha, na sasa fundi anatakiwa kwenda kununua plaiwudi. Swali la kwanza pale dukani ni shiti ngapi. Mafundi wengi hujibu kwa kukisia, kisha huongeza moja ya tahadhari. Karakana ndogo zilizoanza kuchora kwa kompyuta zinaweza kujibu kabla ya kutoka nyumbani, ila jibu la kompyuta linategemea kama imeambiwa ukweli kuhusu shiti na msumeno.

Tuchukue kabati lenyewe. Lina upana wa milimita 1200, urefu wa 2100 na kina cha 600. Ndani kuna ukuta mmoja wa kati unaoligawa pande mbili: upande wa kutundika nguo na upande wa rafu nne. Milango itatengenezwa kwa mbao, na mgongo ni wa plaiwudi nyembamba, kwa hiyo hivyo tuviache. Kilichobaki chote ni plaiwudi ya milimita 18.

Kabati limechorwa kwa SketchUp, na kila ubao umefanywa kuwa kipande kinachojitegemea, chenye jina lake. Hilo ni la lazima, kwa sababu kiongezi cha bure kama OpenCutList husoma vipande hivyo ndipo kitoe orodha. Ubao uliochorwa ukaachwa bila kufungwa kuwa kipande hauingii kwenye orodha kabisa, na fundi hugundua siku ya kuunganisha. Dawa yake ni rahisi: hesabu mbao kwa macho kwenye mchoro, kisha linganisha na idadi iliyo kwenye orodha. Hapa zinatakiwa ziwe tisa:

- Mbavu 2: 2100 × 600
- Ukuta wa kati 1: 2064 × 600
- Juu na chini, 2: 1164 × 600
- Rafu 4: 571 × 575

Ile 1164 imetokana na kutoa unene wa mbavu mbili kwenye 1200. Nafasi ya rafu ni 573, lakini rafu yenyewe imepunguzwa milimita mbili ili iingie bila kugongwa nyundo. Hesabu hizi zote zinasimama juu ya unene wa 18. Plaiwudi inayouzwa kwa jina la 18 mara nyingi ukiipima kwa kalipa unakuta 17.5 au pungufu. Ikiwa ni 17.4 na orodha imebaki ya 18, kabati litatoka na upana wa 1198.8, na mgongo uliokatwa 1200 utachungulia pembeni. Kwa hiyo shiti hupimwa kwanza, unene wake halisi ukaingizwa kwenye mchoro, ndipo orodha itolewe. Tuseme shiti zetu zimepimwa zikatoka 18 kamili.

Orodha hiyo bado ni ya vipande vilivyokamilika, na msumeno unahitaji vipimo vya kukatia. Ukingo wa mbele wa kila ubao utabandikwa utepe, ule ambao mafundi huuita ejingi, wenye unene wa milimita moja. Ili kina kibaki 600 baada ya kubandika, ubao unakatwa 599.

Sasa tupange vipande kwenye shiti. Shiti ya kawaida ni 2440 kwa 1220, lakini si yote inayofaa. Kingo zake hugongwa kwenye gari na ghalani, na pembe zake hazina uhakika wa kuwa mraba. Fundi makini hupunguza milimita 10 kila upande, akabaki na 2420 kwa 1200. Halafu kuna njia ya msumeno. Meno hayapiti bila kula mbao, na kila mkato hugeuza takriban milimita 3 kuwa vumbi. Njia hii usiisome kwenye boksi la msumeno: kata kipande cha taka, pima ulichokuwa nacho na kilichobaki.

Ukijaza namba hizo, programu inatoa jibu la kukera: shiti nne. Sababu yake iko kwenye upana. Mbavu mbili zikilala bega kwa bega zinahitaji 599 na 599, na kati yao njia ya msumeno ya 3. Jumla ni 1201. Shiti ina 1200. Kwa kukosa milimita moja, kila shiti inachukua ukanda mmoja tu wa kina kile, na tunazo kanda nne: ubavu, ubavu, ukuta wa kati, na ukanda mmoja wa juu na chini. Rafu zinajibana kwenye nafasi zilizobaki.

Fundi mwingine atasema punguza kingo milimita 5 badala ya 10. Inawezekana, shiti ikiwa nzima. Akikuta kona imevunjika, ameshanunua tatu na kazi imesimama. Njia salama zaidi ni kurudi kwenye mchoro na kushusha kina hadi 595. Hanga ya nguo ina upana wa sentimita 45 hivi, haitagusa mlango, na mteja akielezwa hatakuwa na neno. Sasa ubao unakatwa 594, na mbavu mbili pamoja na njia ya msumeno ni 1191. Shiti ya kwanza inabeba mbavu zote mbili. Ya pili inabeba ukuta wa kati kwenye ukanda mmoja, juu na chini kwenye ukanda wa pili. Ya tatu inatoa rafu nne kwenye ukanda mmoja, na pembeni panabaki kipande kizima cha 623 kwa 2420.

Kabla ya kuchapisha mpango huo, zitazame rafu. Zimechorwa upana 571 na kina 575, karibu mraba. Programu ikiachwa ichague yenyewe, huchukua upande mrefu kuwa ndio urefu, hivyo nyuzi za mbao zinatoka mbele kwenda nyuma. Plaiwudi ina nguvu zaidi kufuata nyuzi za uso wake, kwa hiyo nyuzi za rafu zinatakiwa zitoke ubavu hadi ukuta wa kati. Kosa hili halionekani kwenye mpangilio, maana vipande vinaenea vizuri hivyo hivyo. Linaonekana kwenye mshale wa nyuzi uliochorwa juu ya kila kipande, na huo ndio wa kukaguliwa.

Jambo la mwisho ni kuiambia programu unatumia msumeno wa meza. Mashine ya CNC inaweza kuchonga kipande katikati ya shiti, lakini msumeno wa meza lazima upite kutoka ukingo hadi ukingo. Mpango unaofaa huanza kwa kupasua kanda ndefu, kisha kuzikata vipande. Kanda zote za 594 zipasuliwe kabla ya kusogeza fensi, ili mbavu, ukuta wa kati, juu na chini vilingane hata kama fensi imekosea nusu milimita.

Programu pia itakuonyesha asilimia ya mabaki, na inashawishi kuchagua mpango wenye asilimia ndogo kuliko yote. Kwa karakana ndogo, tazama kwanza mabaki yenyewe yako katika umbo gani. Ile 623 kwa 2420 inatosha ubavu wa kabati lijalo. Ingegawanyika vipande sita vya pembeni, ingeishia kuni.