Waya Mmoja, Nyumba Mbili

Mkesha wa Idd, mtaa mmoja wa Dar es Salaam. Umeme wa LUKU umekatika nyumba ya pili, na jirani anapitishiwa ekstensheni dirishani. Huku pasi inanyoosha kanzu, kule birika la umeme linachemsha maji ya chai.

Baada ya muda mwenye nyumba anasikia harufu ya plastiki. Anashika waya: umelainika, na pale ulipobaki umeviringishwa hauguswi kwa joto.

"Jirani, chomoa!"

Hesabu yake ni rahisi. Pasi ya wati 1,000 na birika la wati 2,000 ni wati 3,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 13. Waya ule mwembamba, wa milimita za mraba 0.75, hubeba takriban ampea 6. Na joto halipandi sawa na mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Ukiuacha umeviringishwa, joto halina pa kutokea.

Wengi huitegemea fyuzi ya plagi. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki kwa ampea 13, kwa hiyo waya unaweza kuyeyuka fyuzi ikiwa nzima.

Wale majirani walikunjua waya wote, wakatumia birika na pasi kwa zamu. Birika peke yake, hata hivyo, linavuta karibu ampea 9. Kwa waya kama ule, bado ni nyingi mno. Chai ipikwe jikoni kwenye gesi au mkaa.