Bomba Lililozibwa Ukutani Bado Lina Maji

Sinki la jikoni limehamishiwa ukuta wa pili. Fundi amefunga kizibo pale lilipokuwa, plasta imepigwa na rangi juu yake. Kazi inaonekana imekwisha, kumbe nyuma ya plasta limebaki tawi mfu: kipande cha bomba ambacho bado kimeungwa na bomba kuu kwa tii, ila hakina pa kutolea maji.

Tuseme ni bomba la PPR la milimita 25, urefu mita 4. Ndani yake mna maji karibu lita 0.9 yasiyokwenda popote. Klorini iliyomo huisha, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa bakteria hustawi. Utando wa ute hujijenga kwenye kuta za bomba. Kila presha inapopanda na kushuka, maji hayo hupenya kidogo kidogo hadi bomba kuu, pamoja na vipande vya ute. Miongoni mwa bakteria hao huweza kuwamo legionela, ambayo humdhuru mtu hasa akivuta mvuke wenye matone madogo, kama wa bafuni.

Kutia klorini kwenye tangi hakutoshi, kwa sababu dawa hufuata maji yanayotembea. Tawi lisilo na koki halisafishiki; dawa yake ni kulikata.

Kosa la kawaida ni kukatia pale bomba linapotokeza ukutani. Fuata tawi hadi kwenye tii. Funga valvu kuu, fungua koki ya chini kabisa maji yaishe, kisha kata bomba kuu pande zote mbili za tii na uunge kipande kilichonyooka. PPR ya milimita 25 huchomelewa kwa nyuzi 260, ikipashwa moto sekunde 7. Ikiwa ncha zote zimeshikwa na ukuta na hazisogei, kiungo cha mwisho kiwe yunioni. Rudisha maji, kagua uvujaji kabla ya kupiga plasta, kisha acha koki zitiririke hadi maji yawe safi.

Tii isipoweza kutolewa, ziba karibu nayo: kipande kinachobaki kisizidi mara mbili ya kipenyo cha bomba, yaani milimita 50 kwa bomba hili.

Bafu la wageni ni jambo jingine, kwani bado linahitajika. Hapo bomba lipitishwe kwanza kwenye bafu hilo, ndipo liendelee hadi tangi la choo kinachotumika kila siku, ili kila anayevuta maji chooni ayabadilishe na ya bafuni. Kama bomba halihamishiki, fungua koki zake kila wiki hadi maji yaliyolala yatoke yote. Bomba la mvua lifunguliwe taratibu, kichwa chake kikiwa kimefunikwa kwa mfuko uliotobolewa chini, ili matone yasiruke.