Irabu Tisa kwa Herufi Tano

Maseno, penye mstari wa Ikweta na mpaka wa Wajaluo na Waluhya, ambapo Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule yao mwaka 1906, si ajabu kumkuta mtoto wa Kijaluo akisoma Dholuo, Kiswahili na Kiingereza kwa herufi zile zile za Kilatini. Na ukimsikiliza kwa makini utatambua kwamba Kiswahili hukisoma moja kwa moja, Kiingereza hukisoma kwa kukumbuka, na katika Dholuo, ambayo ni lugha ya mama yake, mara kwa mara hufika mwisho wa sentensi kisha akarudi nyuma kulisahihisha neno moja. Sababu ya kurudi huko ndiyo nitakayoieleza, nikianza na aina za hati zenyewe.

Tarakimu 5 iliyoandikwa katika ubao wa bei sokoni, Mjaluo huisoma abich, na Mswahili huisoma tano, wala alama yenyewe haisemi lolote juu ya sauti; yasema maana tu. Hati ya Wachina imejengwa kwa namna inayokaribia hiyo, kwani kila alama hushika neno au sehemu ya neno yenye maana, ijapokuwa alama nyingi huwa na kipande kinachodokeza matamshi. Na asomaye gazeti hana budi kuzijua alama elfu mbili au tatu. Hati za silabi, mathalan kana za Wajapani, huchukua njia ya pili: alama moja kwa ka, nyingine kwa ki, nyingine kwa ku. Majirani zetu Wahabeshi wana hati iliyo karibu na hiyo, maana kila konsonanti yao hugeuzwa umbo mara saba kwa kadiri ya irabu inayoifuata. Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kingalistarehe katika hati ya namna hiyo, na neno kitabu lingaliandikwa kwa alama tatu tu; lakini Dholuo, yenye maneno kama dhok na kech, yanayofungwa kwa konsonanti, ingalihitaji ama alama mia kadhaa ama hila ya kuiua irabu ya mwisho.

Historia haikutupa hati ya silabi. Ilitupa ya Kiarabu, na hapa pana funzo lisilopaswa kupitwa upesi. Hati ile yalingana na Kiarabu kama upanga na ala yake, kwa kuwa maana ya neno la Kiarabu hukaa katika konsonanti, na sisi wenyewe twaijua ile k-t-b iliyotuletea kitabu, katibu na maktaba. Msomaji Mwarabu akiziona konsonanti huzijaza irabu kwa kanuni za lugha yake. Sasa tazama maneno yetu tata, teta, tita, tota na tuta: konsonanti ni zile zile, na maana zimebebwa na irabu peke yake. Yaandike kwa Kiarabu bila ya alama za irabu, nayo yote matano yatakuwa neno moja. Yatie fataha, kasra na dhamma, nayo yatakuwa matatu, kwani teta na tita zitashirikiana kasra, na tota na tuta zitashirikiana dhamma. Washairi wa Lamu na Mombasa waliishi na upungufu huo kwa karne nyingi, kwa sababu msomaji wao aliujua utenzi, au vina na mizani vilimwongoza. Hati haikuwa mbaya, ila ilishonwa kwa kipimo cha mwili mwingine.

Herufi za Kilatini zilikuja na irabu tano, na kwa bahati njema Kiswahili kina irabu tano. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, tahajia ikasimama juu ya matamshi ya watu waliokuwa hai, wala haikuwa na karne za nyuma za kuburuta. Hata hivyo haikukamilika, kwani mtu wa Mombasa hutamka paa wa porini kwa pumzi inayosikika na paa la nyumba bila ya pumzi hiyo, ilhali maandishi hayaonyeshi tofauti yoyote.

Dholuo haikuwa na bahati hiyo. Irabu zake ni tisa, na wengine huhesabu kumi, nazo zimegawanyika makundi mawili: katika kundi moja shina la ulimi husukumwa mbele na koo likapanuka, na katika la pili shina hilo hurudi nyuma. Sikio lililolelewa kwa Kiswahili husikia o moja tu. Sikio la Mjaluo husikia mbili. Kwa hiyo dhok iliyo ng'ombe wengi, wingi wa dhiang', na dhok iliyo kinywa, ambayo ndiyo mzizi wa jina lenyewe Dholuo, huandikwa sawasawa na kutamkwa mbalimbali. Hali kadhalika kech iliyo njaa na kech iliyo uchungu wa dawa. Juu ya hayo kuna toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambayo katika vitenzi yaweza kuwa ndiyo tofauti pekee baina ya jambo lililokwisha na jambo linaloendelea, nayo haiandikwi kabisa.

Mwaka ule ule wa 1928, huko Rejaf katika nchi ya Sudani ya wakati huo, ulifanyika mkutano mwingine ulioziamulia tahajia lugha za kusini, na ndugu za Wajaluo, kama Wadinka na Wanuer, wakapata herufi ɛ na ɔ pamoja na zile tano. Dholuo ya Kenya ilibaki na tano. Mtaalamu A. N. Tucker, ambaye sarufi yake ya Dholuo ilichapishwa mwaka 1994 baada ya kufa kwake, alizitenganisha irabu zote. Lakini hayo ni maandishi ya wanazuoni, siyo ya barua wala magazeti.

Kiingereza nacho kina irabu zipatazo ishirini, ukizihesabu na zile za kuungana, kwa herufi tano zile zile, na juu ya uchache huo kimezidishiwa umri. William Caxton alifungua matbaa yake Westminster mwaka 1476, wakati irabu ndefu za lugha hiyo zilipokuwa zikihama mahali pake kinywani. Wachapaji wakakaza maandishi, ndimi zikaendelea na safari. Neno “name” lilikuwa likitamkwa karibu na nama yenye a ndefu, na katika “knight” k na gh zote zilisikika. Wanazuoni wakaongeza b katika “debt” ili lifanane na Kilatini, b ambayo hakuna Mwingereza aliyeitamka. Lakini si kila herufi bubu ni uchafu: g ya “sign” hufufuka katika “signature”, na jicho likaona undugu ambao sikio halikuusikia, jambo linalokikaribisha Kiingereza kidogo kwenye njia ya Wachina.

Kwa Dholuo dawa ingekuwa nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Irabu zote za neno lisiloungana hufuata kundi moja, kwa hiyo haina haja ya kuitia alama kila irabu. Nukta moja mwanzoni mwa neno ingetosha kulijulisha kundi. Toni ingebaki, na kwa rai yangu ingeandikwa katika vitenzi peke yake, pale maana inapopotea. Kwa sasa kazi hiyo hufanywa na maneno ya jirani: penye malisho, dhok ni ng'ombe; penye meno na ulimi, ni kinywa; na pale neno linapotangulia kabla jirani zake hawajaonekana, ndipo mtoto wa Maseno anapolazimika kurudi nyuma.