Kanuni mpya za chama: andika ujumbe usiozua ugomvi

Huenda wewe ndiwe katibu wa chama chenu na umeagizwa kuwaarifu wanachama kwa WhatsApp kwamba michango imepanda. Kazi hiyo huonekana nyepesi, lakini ndiyo inayovunja vyama vingi wakati wa kugawana.

Tuchukue mfano wa chama cha akina mama 24 wauzao omena, wengine wakiwa Sori, Migori, na wengine Sindo, Homa Bay. Miongoni mwao mna Wajaluo na Wakuria, hivyo Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Nakala ya Kiingereza hutakiwa na wale wanaosomewa ujumbe na watoto wao wa shule. Hisa moja ilikuwa Sh100, na mkutano umeamua iwe Sh150.

Swali la kwanza ni hili: inaanza lini? Usiandike "kuanzia sasa". Tuseme mama wa kwanza alinunua hisa 20 kwa Sh100, akaweka Sh2,000. Wa pili alinunua hisa 20 baada ya bei kupanda, akaweka Sh3,000. Sandukuni mna Sh5,000 na vitabuni mna mihuri 40. Kila mhuri utapata Sh125, na kila mmoja ataondoka na Sh2,500. Wa pili atakuwa amempa mwenzake Sh500 bila kujua. Ndiyo maana bei ya hisa haibadilishwi katikati ya mzunguko. Hungojwa mgawo, kisha mzunguko mpya huanza kwa bei mpya.

Pili, chunga neno "mchango". Pesa za hisa humrudia mwenyewe siku ya mgawo, ilhali za mfuko wa jamii hutumika kwa matanga na ugonjwa. Ukiziita zote mchango, mtu atadai zote. Andika hivi:

"Wanachama wapendwa. Mkutano wetu umekubaliana hivi. Kanuni hizi zitaanza mkutano wa kwanza baada ya mgawo. Hadi hapo, za zamani zinaendelea. 1. Hisa moja ni Sh150. Kila mkutano utanunua hisa 1 hadi 5. Pesa hizi ni zako, utazipata wakati wa mgawo. 2. Mfuko wa jamii ni Sh30 kila mkutano. Pesa hizi hazirudishwi. 3. Asiyeweza kufika atume kwa mweka hazina kabla ya saa 12 jioni, Alhamisi. Akichelewa, faini ni Sh50. Ukiwa na swali, uliza mkutanoni. Nakala ya Kiswahili ndiyo ya kufuatwa."

Sasa nakala ya Kiingereza. Hatari kubwa imo katika saa. Saa 12 jioni yetu huandikwa 6 p.m. kwa Kiingereza. Mfasiri akiiacha 12, anayesomewa na mtoto wake ataelewa adhuhuri au usiku wa manane. Akidhani ni usiku, atatuma saa 2 usiku na kutozwa faini, naye ataapa kwamba alitii kanuni. Neno hisa liache vilevile katika nakala zote mbili, kwa kuwa ndilo wanalolijua. Kabla ya kutuma, mtu mmoja asome kwa sauti nakala ya Kiswahili na mwingine afuate ya Kiingereza, wakilinganisha kila tarakimu. Ni saa pekee inayoruhusiwa kutofautiana.

Kutuma nako kuna mtego. Ukitumia New broadcast, kila mwanachama hupokea ujumbe peke yake na jibu lake hukujia wewe tu. Lakini ambaye hakuhifadhi nambari yako kwenye simu yake hatapokea kitu. Wewe utadhani umewafikia wote 24. Baada ya siku moja, bonyeza ujumbe huo kwa muda, ufungue Message info, uone umewafikia akina nani. Tuseme wanne hawamo. Wapigie simu, uwasomee kanuni, kisha uwaombe wahifadhi nambari yako. Wasio na simu ya WhatsApp watumie ujumbe mfupi wa kawaida, au wasomewe ana kwa ana.

Hata ukifanya haya yote, ujumbe hautungi kanuni. Unatangaza tu yale yaliyopitishwa na mkutano na kuandikwa katika kumbukumbu na katiba ya chama. Kwa hivyo usiongeze faini ambayo haikujadiliwa, hata kama mwenyekiti amekunong'oneza. Na mkutano unaofuata ukifunguliwa, soma ujumbe ule tena mbele ya sanduku, kabla ya kufuli la kwanza kufunguliwa, ili asiyeelewa aulize kabla hajatoa pesa yake.